Somo: Kuichora upya nembo ya duka iliyopotea, kwa kumbukumbu za watu

Faili limepotea, bango limeshapakwa rangi juu, na nembo imebaki vichwani mwa mwenye duka na wateja wake. Usianze kwa kuchora. Mtu akishaonyeshwa mchoro, hata wenye makosa, mchoro huo ndio unaomkaa akilini, na kuanzia hapo anaisahihisha kazi yako tu, hakumbuki tena. Waulize mmoja mmoja, wasisikilizane, uandike maneno yao yalivyo.

Tuchukue nembo ya duka la unga: duara, ndani yake kinu na mchi, chini maneno UNGA SAFI.

1. Maumbo. Uliza kwa kuanzia nje kwenda ndani. Duara lilijaa rangi au lilikuwa mstari tu? Kinu kilikuwa na kiuno, au kilinyooka kama ndoo? Mchi ulisimama wima au uliinama? Kama uliinama, uliza ulielekea namba ipi kwenye uso wa saa. Sema "namba", usiseme "saa", maana saa saba yetu iko kwenye namba 1. Ukielekea namba 1, umeinama nyuzi 30 kwenda kulia.

2. Vipimo. Hakuna anayekumbuka sentimita, ila watu wanakumbuka kipi kilikizidi kipi. Chukua kimo cha herufi kuwa 10, kisha linganisha kila kitu na hicho. Tuseme shahidi anasema herufi tano zikipangwa juu kwa juu zingejaza duara: kipenyo ni 50. Kinu kilifika nusu ya duara: 25.

Sasa jaribu ushahidi wenyewe. Herufi ya kawaida yenye kimo cha 10 huwa na upana wa kama 7, I ni nyembamba zaidi, na nafasi kati ya herufi ni kama 1.5. Ukijumlisha, UNGA SAFI inafika karibu 62, yaani inatokeza kama 6 kila upande wa duara. Shahidi akisema maneno yalikuwa sawasawa na duara, basi herufi zilikuwa za kubanwa, au zilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Rudi umuulize hapo tu: zilibanwa, au zilikuwa ndogo?

3. Rangi. Neno "nyekundu" peke yake halitoshi. Nenda na kadi ya rangi ya duka la rangi, umwache achague nje, mchana, si kwenye simu. Wengine watasema nyekundu, kumbe wataishia kuonyesha damu ya mzee, ambayo kwenye kompyuta ni karibu na `#800000`. Watu pia hukumbuka rangi ikiwa kali kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo akisita kati ya mbili, chukua iliyotulia.

4. Herufi. Usiulize jina la fonti. Katika maneno haya, G, S na A ndizo zinazosema ukweli. G ilikuwa na kidevu kinachoingia ndani, au ilikatika tu? Kichwa cha A kilikuwa na ncha au kilikatwa bapa? Miguu ya herufi ilikuwa na vijiguu, yaani vijistari vifupi mwishoni? Unene nao: mstari wa 2 kwa kimo cha 10 ni herufi nene, wa 1 ni nyembamba.

5. Mchoro. Ndipo ufungue programu ya kuchorea ya Inkscape. Andika kwa fonti iliyo karibu, kisha `Path > Object to Path`, uzirekebishe herufi moja moja. Juu na chini ya G na S zizidishe kidogo mstari. Zikiwa sawasawa kabisa na N, jicho litaziona fupi. Toa michoro mitatu inayotofautiana jambo moja tu, mathalani unene, umwulize shahidi ni upi unaofanana na nembo.

Maswali ya wanachama

*Mashahidi wawili wanapingana: mmoja anasema mchi kulia, mwingine kushoto. Nifuate nani?*
Uliza kila mmoja aliizoea nembo wapi. Aliyekaa ndani ya duka lenye kioo kilichobandikwa nembo aliiona kwa nyuma, imegeuka. Mfuate wa barabarani.

*Nimepata picha ya harusi, bango linaonekana kwa nyuma, limepauka. Rangi niichukue hapo?*
Hapana, dada. Jua hula nyekundu na njano mapema, bluu na nyeusi zikabaki, na picha yenyewe nayo hupauka. Chukua umbo tu. Duara likionekana kama yai, picha ilipigwa kwa pembeni: livute mpaka upana na kimo vilingane, na maneno yatakaribia uwiano wake.

*Risiti ya zamani ina muhuri wenye nembo. Inatosha, fundi?*
Kwa mpangilio na uwiano, huo unashinda kumbukumbu zote. Unene wa mistari usiuamini, kwa sababu wino husambaa kwenye karatasi na kuinenepesha. Tazama tundu la A, likiwa limezibika ujue wino umezidi. Tafuta risiti tatu nne, ufuate ile yenye muhuri hafifu kuliko zote.