Tarehe zilizogeuka: soma hapa kabla ya kunipigia simu

Kila mwisho wa mwezi naulizwa jambo lile lile na wanaounganisha karatasi za Excel za samaki kutoka vituo vya visiwani na bara hapa Lamu. Naandika mara moja.

1. Weka nakala ya kila faili. Usiunganishe bado.

2. Majina ya samaki: ondoa nafasi zilizojificha kwanza.

```
=TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "))
```

Kisha andika jedwali la safu mbili, jina lililoandikwa na jina sahihi, ulivute kwa VLOOKUP. Tasi na tafi ni samaki mmoja, waunganishe. Aliyeandika "kamba" tu, muulize kama ni kamba wadogo au kamba mawe. Usimkisie, bei zao haziko karibu.

3. Tarehe. Hapa ndipo nilipoumbuka. Ofisi moja ilikuwa na kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele. Karani akiandika 15/04/2024, kompyuta haioni mwezi wa 15, inaiacha kama maandishi, imelala kushoto. Akiandika 03/04/2024 inaipokea kimyakimya kama Machi 4. Mimi nikarekebisha zile za kushoto tu, kwa kuwa ndizo zilizoonekana mbovu. Ripoti ikatoka na samaki wa Desemba, na sisi tuko Mei! Samaki wa siku 12 za mwanzo wa Aprili walitawanyika Januari hadi Desemba, wote tarehe 4. Ukiona hivyo kwenye faili la mwezi mmoja, zimegeuka. Katika safu mpya:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Ifanye kwa faili la ofisi hiyo peke yake, mara moja tu. Ukiirudia juu ya matokeo, au ukiigusisha faili lililo sawa, unaharibu upya. Nayo, kwa zile za kushoto, inataka siku na mwezi ziwe na tarakimu mbili. "15/4/2024" itakupa kosa hapo.

4. Sasa unganisha.

Dau_la_Amu: Nimebadilisha Format Cells, bado Machi.

Mwandishi: Hiyo hubadilisha sura, namba ya ndani ni ile ile. Soma hatua ya 3.

Dau_la_Amu: Nilisoma.

Mwandishi: Basi isome tena.

Bintimkoko: Shikamoo kaka. Faili langu ni la mwaka mzima, na makarani wawili walitumia kompyuta tofauti. Nitajuaje ipi imegeuka?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Fomula peke yake haitakwambia. Panga kwa namba ya risiti: tarehe inayoruka miezi kisha kurudi baina ya jirani zake ndiyo iliyogeuka. Pasipo risiti, rudi kwenye daftari la karani.

Mtepe: Sisi tumewaambia waandike 2024-04-03. Ugomvi umekwisha.

Bintimkoko: Na saa ya Kiswahili je? Wameandika "saa 2 asubuhi" na wengine 08:00.

Mwandishi: Hiyo "saa 2 asubuhi" iongeze sita, 08:00 iache ilivyo, lakini fanya katika safu nyingine. Hiyo nayo ina yake.