Kuandika mwaliko wa arobaini: ndugu wa mbali na jirani wa ukuta mmoja waelewe wote

Mimi nina steshenari ndogo Tandika, na kila mwezi hawakosi watu wawili watatu wanaokuja kuchapisha mwaliko wa hitima ya arobaini. Wengi wanakuja wamechoka, msiba bado uko kichwani, wanasema tu "niandikie kama ule wa juzi". Sasa ule wa juzi ulikuwa wa nyumba nyingine yenye mambo yake. Nitawaonesha ninavyoandika kwa kutumia mwaliko wa mjomba wangu mwenyewe tulioufanya 2025, maana ule naujua mpaka mabishano yake.

Naongelea hitima ya Waislamu wa huku Pwani. Wapo masheikh wanaosema kuishikilia siku ya arobaini hakuna msingi, na kuna familia zinafuata hivyo. Kama kwenu kuna mtu ana msimamo huo, andika "hitima na dua", neno arobaini liache, hakuna kitakachopungua na yeye atakuja.

Hatua ya kwanza: hesabu siku kabla hujaongea na mtu kuhusu tarehe

Mjomba alifariki Ijumaa tarehe 2 Mei saa 4 usiku, tukamzika Jumamosi tarehe 3. Hapo ndipo watu wanapogongana. Kwa hesabu ya Kiislamu siku inaanza magharibi, kwa hiyo ile Ijumaa usiku tayari ni Jumamosi, na anayehesabu kuanzia kifo na anayehesabu kuanzia maziko wote wanaangukia siku moja. Ila shangazi alihesabu kwa kalenda ya ukutani akaanzia tarehe 2, akapata tarehe 10 Juni, sisi wengine tukapata tarehe 11. Kosa lingine la kawaida ni kuchukua tarehe ya maziko ukaongeza 40, inakutupa siku moja mbele, kwa sababu siku ya kwanza yenyewe inahesabiwa. Kwahiyo ongeza 39. Tarehe 3 Mei ukiongeza 39 ni 11 Juni.

Tarehe 11 Juni ilikuwa Jumatano, watu wako kazini, na Jumapili ya kabla yake iliangukia siku za Idi ya kuchinja, nyumba zote zina wageni wao. Tukapeleka Jumapili tarehe 15. Sheikh wa msikiti wetu akasema dua haina kuchelewa, shangazi akaridhika. Hii ongea mkubaliane kabla ya kuchapa chochote, maana ukishatuma tarehe ya kwanza kwenye gurupu la wasapu hata ukiifuta kuna mtu kashaikopi na kuipeleka Tanga.

Hatua ya pili: saa, na chakula kinachoendana nayo

Ukiita watu baada ya Adhuhuri umewaita chakula cha mchana, hata kama hujaandika. Ukiita baada ya Laasiri unaweza kusoma, ukaomba dua, ukatoa kahawa, tende na maandazi, na hakuna atakayeona amepunjwa. Familia zenye hali ngumu huwa nawaambia wachague Laasiri, maana mtu ameshauguza, amezika, kisha anaenda kukopa mchele wa pilau la watu 200 kwa ajili ya neno moja aliloandika kwenye mwaliko.

Sisi tulichagua Adhuhuri. Wasomaji, yani walimu na wanafunzi wa madrasa, tuliwaita kwa mdomo waanze saa 4 asubuhi, wagawane juzuu 30 zile wamalize kabla ya swala. Saa yao usiiweke kwenye mwaliko wa wote. Ukiweka saa mbili kwenye karatasi moja nusu ya watu watakuja na ile ya kwanza, wakukute bado unachambua mchele.

Na saa iandike Kiswahili ukiongeza mchana au jioni. Kuna familia ilikuja kuchapa "10:00" peke yake, wao wakimaanisha saa 10 jioni, mimi nikachapa kama ilivyo. Mzee mmoja akatoka Morogoro alfajiri, kijana wake alimsomea simu akajua ni saa 4 asubuhi, akakaa kwenye mkeka masaa sita akisubiri na hitima yenyewe bado. Iliniuma sana ile. Tangu siku hiyo sichapi saa bila neno lake, na naweka swala pembeni: "saa 7 mchana, baada ya swala ya Adhuhuri". Mtu akikosea kimoja kingine kitamrekebisha.

Hatua ya tatu: majina

Hapa chukua muda. Ndugu wa Lindi wanamjua mjomba kwa jina la baba yake na babu yake. Mtaani hakuna aliyekuwa anayajua hayo, alikuwa anauza vifaa vya ujenzi miaka yote na watoto kwa wakubwa wanamwita Mzee Misumari. Siku ya maziko nilisikia mama wa nyumba ya tatu anauliza, "Kwani huyu wanayemtaja msikitini ni nani?" na amenunua misumari kwake tangu anajenga. Andika majina matatu kamili, halafu jina la mtaani. Kwa mwanamke mara nyingi ni Mama fulani, liandike hilohilo.

Anayealika ni nani? Ni familia ya marehemu, na chini anawekwa mkubwa mmoja kwa niaba ya wote, kwetu alikuwa kaka yake marehemu. Ukianza kuorodhesha watoto utaulizwa kwanini fulani yuko wa nne. Kama marehemu alikuwa na wake wawili, mwaliko uwe mmoja na nyumba zote mbili ziusome kabla haujatoka. Nimewahi kuona mialiko miwili ya marehemu mmoja, siku moja, nyumba mbili, na majirani wakasimama katikati ya barabara hawajui waende wapi.

Namba ya simu usiweke ya mjane. Siku ya arobaini bado yuko eda, eda ni miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito ni mpaka ajifungue. Hatakiwi kushinda anapokea simu za wanaume wanaouliza njia. Weka namba ya mtoto wa kiume au mpwa, na ya mwanamke mmoja kwa upande wa akina mama.

Hatua ya nne: andika, fupi

Wetu ulikuwa hivi, majina na namba nimeyatoa:

*Assalaam alaykum warahmatullah.*

*Familia ya marehemu (majina matatu), maarufu Mzee Misumari, aliyefariki Ijumaa usiku tarehe 2 Mei 2025 na kuzikwa kesho yake, inawaalika ndugu, jamaa, majirani na marafiki kwenye hitima ya kumuombea dua.*

*Siku: Jumapili, tarehe 15 Juni 2025*

*Saa: 7 mchana, baada ya swala ya Adhuhuri*

*Mahali: nyumbani kwake Tandika, nyuma ya msikiti, geti la bluu. Akina mama waingilie mlango wa uani.*

*Familia inawashukuru kwa kuwa nasi tangu siku ya msiba. Allah amghufirie marehemu na atulipe sote kheri. Amin.*

*Kwa niaba ya familia: (jina), kaka wa marehemu. Simu: (mbili)*

Angalia hakuna "tunasikitika kutangaza". Hilo ni neno la tanzia, siku ya kwanza. Ukiliandika siku ya arobaini kuna mtu wa mbali atasoma mstari wa juu tu atashtuka adhani kuna msiba mpya, na nimeshaona simu zinapigwa watu wanalia. Shukrani ndio muhimu, wale majirani ndio walioleta maji, wakakesha, wakachimba. Na hakuna neno la mchango. Wenye kutaka kutoa watatoa mkononi, na kama familia inahitaji kuchangishana iongee kwenye gurupu lake la ndani.

Maua mekundu na mapambo ya dhahabu yanayokuja na zile templeti za harusi yatoe yote. Karatasi nyeupe, maandishi meusi, inatosha.

Hatua ya tano: ujumbe wa pili, wa ndugu peke yao

Hiki ndicho wanachosahau wengi. Kwetu arobaini ndio ndugu wa mbali wote wanakutana, kwahiyo ndio siku ya kikao cha familia kuhusu mirathi na kumpendekeza msimamizi, na muhtasari wa kikao hicho ndio unapelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri. Ndugu wasipojua mapema wanakula, wanaaga, wanawahi basi, kikao kinabaki na watu watano, halafu baadaye mtu anasema mimi sikushirikishwa.

Lakini hilo haliandikwi kwenye mwaliko wa majirani hata kwa mstari mmoja. Wao wanakuja kuomba dua, wakisoma mirathi watajiuliza mnagombania nini. Tulituma meseji nyingine kwa ndugu tu: kikao ni baada ya Laasiri, wageni wakishaondoka, chumba cha mbele, na wenye nyaraka za marehemu au wanaomdai au aliokuwa anawadai waje nazo. Tukaongeza pia kwamba mjane bado yuko eda, asiombwe kusindikiza mtu wala kuambiwa ahame siku hiyo, maana wapo wanaodhani arobaini ikiisha na eda imeisha.

Hatua ya sita: kuupeleka

Ndugu wa mbali watumie siku kumi kabla, wapange nauli. Majirani siku nne au tano zinatosha, ukiwahi sana wanasahau. Kwenye wasapu tuma maandishi yenyewe pamoja na picha, maana simu za wazee wengi picha haifunguki bando likiisha, ila maandishi yanabaki. Ijumaa iliyo karibu mpe imamu kikaratasi atangaze baada ya swala, kikaratasi kisomeke, herufi kubwa.

Halafu nyumba kumi za kulia na kushoto zipitie kwa mguu. Mwanaume mmoja kwa wanaume, mwanamke mmoja kwa akina mama, mnabisha hodi, mnasalimia, mnasema kwa mdomo. Jirani wa ukuta mmoja aliyekesha na wewe siku tatu ukimtumia meseji tu anaona umemfanya mgeni. Sisi tulianzia kwa bibi wa nyumba ya mkono wa kulia ambaye hana simu kabisa, dada yangu akakaa naye kibarazani kama nusu saa hivi, akamsomea mwaliko mzima mara mbili, bibi akaomba ile karatasi akaikunja akaitia kwenye pindo la kanga yake.