Pakua kipande cha video, si video nzima

Kama unahitaji dakika tatu tu kutoka kwenye mhadhara wa saa mbili, huna haja ya kupakua faili zima halafu uanze kulikata. Programu ya yt-dlp, ikiwa na ffmpeg kwenye kompyuta hiyohiyo, inaweza kuchukua kipande hicho peke yake. Tuseme unachotaka kinaanza dakika ya 41 na sekunde 20 na kuishia 44:05:

```
yt-dlp --download-sections "*41:20-44:05" "KIUNGO"
```

Weka anwani ya video mahali pa KIUNGO. Hiyo nyota usiisahau: bila nyota, programu hudhani umeandika jina la sura ya video, si muda. Alama za nukuu nazo usiziondoe, maana nyota ina kazi nyingine kwenye dirisha la amri.

Ukifungua kipande ukakuta sauti inaenda huku picha imeganda sekunde chache za mwanzo, faili halijaharibika. Video huhifadhi picha kamili hapa na pale tu. Zilizo katikati hurekodi mabadiliko pekee, na mkato wako umeangukia katikati. Futa kipande hicho kwanza, la sivyo programu itaona kimeshapakuliwa, kisha rudia amri ukiongeza hiki kabla ya kiungo:

```
--force-keyframes-at-cuts
```

Mkato utakuwa sahihi, ila subira inahitajika, kwani kipande husimbwa upya. Kwa kipande kirefu mimi huacha hilo kabisa, naanza tu sekunde kumi mapema.