Somo: Namba za simu zilizopoteza sifuri na namba za NIDA zilizogeuka 1.99001E+19

Mwezi uliopita nilipewa PDF yenye jedwali la wanachama 186 wa kikundi cha wakulima: jina, namba ya simu, namba ya NIDA. Kazi ilikuwa kulitoa jedwali hilo kwenye PDF, kulipanga vizuri na kulipeleka kwa mhasibu awalipe watu kwa simu. Jedwali lilitoka safi kabisa kama faili la CSV. Nikalibofya mara mbili, Excel ikafunguka, nikarekebisha majina mawili yaliyokosewa, nikasevu. Mfumo wa malipo ukalikataa faili: namba za simu zinajirudia. Watu 186 walikuwa wamebaki na namba za simu zisizofika 20.

Nitaeleza kilichotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri hatua.

CSV ni maandishi matupu. Hakuna mahali ndani yake panaposema "kolamu hii ni simu". Unapolibofya, Excel inabahatisha yenyewe: ikiona tarakimu tupu inasema hii ni namba ya hesabu. Katika hesabu, 0700123456 na 700123456 ni kitu kimoja, kwa hiyo sifuri ya mbele inatupwa. Ikiwa namba ina tarakimu 12 au zaidi, mfano 255700123456, Excel inaionyesha kwa ufupi, 2.557E+11, na hata ukiipanua kolamu haibadiliki. Ikiwa ina tarakimu zaidi ya 15, inatunza 15 za mwanzo tu, zilizobaki zote inazifanya sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Chukua hii ya kubuni:

```
Kwenye PDF:     19900101123456789012
Ndani ya Excel: 19900101123456700000
Kwenye seli:    1.99001E+19
```

Tarakimu tano za mwisho zimekwenda. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitazama harakaharaka bado unaona mwaka, mwezi na siku sahihi, unadhani iko salama. Ikiandikwa na vistari, 19900101-12345-67890-12, haipatwi na lolote, kwa sababu vistari vinaifanya iwe maandishi. Tatizo ni kwamba mifumo mingi huiandika bila vistari.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoumia. Kufungua tu hakuharibu faili lako. Kinachoharibu ni kusevu. Excel inaposevu CSV huandika kile kinachoonekana kwenye seli, si kile kilichofichwa nyuma yake. Seli ikionyesha 2.557E+11, ndani ya faili kunaandikwa 2.557E+11. Ukilifungua tena, unapata 255700000000. Zimebaki tarakimu sita za mwanzo tu: 255 na zile tatu zinazofuata. Ndiyo maana wote waliokuwa na namba zinazoanza na tarakimu hizo sita wakawa na simu moja. Kibaya zaidi, Excel inakadiria. Tarakimu ya saba ikiwa 5 au zaidi, ile ya sita inapanda kwa moja, na namba inahamia kwenye kundi lingine kabisa. Hiyo siyo simu ya mwanachama tena, ila kwa macho inafanana na simu halali.

Hatua ya 1. Tazama kwanza kwenye Notepad.
Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Open with, kisha Notepad. Tazama mistari mitano sita. Ukikuta 0700123456 na NIDA nzima, chombo ulichotolea jedwali hakina kosa. Ukikuta sifuri haipo au kuna E+ tayari, kosa limetokea kabla ya Excel. Rudi ukatoe jedwali upya. Anayetumia pandas asome kila kitu kama maandishi:

```
df = pd.read_csv("wanachama.csv", dtype=str)
```

Ukimaliza hatua hii, nakili faili hilo uweke nakala pembeni na usiiguse.

Hatua ya 2. Usilibofye mara mbili. Liingize.
Fungua Excel tupu. Nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili. Litatokea dirisha la kuonyesha jedwali kabla halijaingia. Pale kwenye Data Type Detection, chagua Do not detect data types. Papo hapo utaona sifuri zinarudi kwenye dirisha. Kama majina yana herufi za ajabu, kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8).

Hatua ya 3. Vichwa vya kolamu, na mtego uliopo hapo.
Ukichagua hivyo, mara nyingi vichwa "Jina", "Simu", "NIDA" vinashuka na kuwa mstari wa kwanza wa data, na juu panaandikwa Column1, Column2. Wengi hubofya Transform Data, kisha Use First Row as Headers. Ni sahihi, lakini Excel huongeza yenyewe hatua nyingine inayoitwa Changed Type, ambayo inazigeuza kolamu kuwa namba tena. Tazama upande wa kulia chini ya APPLIED STEPS. Ukiiona Changed Type chini ya Promoted Headers, bofya X iliyo kando yake uifute. Halafu Close & Load.

Wanaotoa jedwali moja kwa moja kwa Get Data, From File, From PDF, mtego ni huohuo: Changed Type inajiweka yenyewe. Ifute kabla ya kuingiza.

Hatua ya 4. Hesabu tarakimu.
Macho hayatoshi kwa mistari 186. Kwenye kolamu tupu kando andika hii kwa NIDA, na kwa simu weka B2 badala ya C2:

```
=LEN(C2)
```

Iburute hadi chini. Kolamu ya NIDA lazima isome 20 kila mstari, ya simu 10, au 12 kama inaanza na 255. Mstari wowote wenye urefu tofauti ufungulie PDF. Huenda namba ilikatika mistari miwili, au imeingia na nafasi tupu.

Hatua ya 5. Sevu kama .xlsx.
Faili la .xlsx linakumbuka kwamba seli ni maandishi. CSV haikumbuki. Mfumo ukidai CSV, itoe mwisho kabisa, na ukitaka kuikagua tumia Notepad, usiifungue tena kwa Excel ukasevu.

Wenye Excel mpya za Microsoft 365 wana njia ya kupunguza ajali: File, Options, Data, sehemu ya Automatic Data Conversion. Ondoa tiki kwenye kile kinachohusu kuondoa sifuri za mbele, na kile cha kubaki na tarakimu 15. Mimi nimeziondoa, lakini bado napita hatua ya 2, kwa sababu faili litafika kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajaziondoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Karani wa SACCOS, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote, lakini kila seli ya simu ina pembetatu ya kijani pembeni, na Excel inaniambia Convert to Number. Nikubali?

*Jibu:* Marahaba. Usikubali. Pembetatu hiyo inasema tu kwamba namba imehifadhiwa kama maandishi, na ndivyo tunavyotaka. Chagua kolamu nzima, bofya alama ya mshangao, kisha Ignore Error.

Mwanachama, Dodoma: Mimi nimeshachelewa, nilisevu. Simu zina tarakimu tisa, NIDA zinaishia 00000. Nimebadili seli kuwa Text lakini wapi.

*Jibu:* Pole sana. Kubadili kuwa Text baada ya uharibifu hakurudishi kitu, kunaandika tu hicho kilichobaki. Simu zako zinaokolewa, kwa sababu kilichopotea kinajulikana: ni sifuri moja. Kwenye kolamu mpya andika:

```
="0"&RIGHT(B2,9)
```

Inafaa hata kwa zilizoanza na 255. Lakini kabla ya kuitumia, angalia kama simu zako zinaishia 000000. Zikiwa hivyo, fomula itakupa namba safi za tarakimu kumi ambazo ni za uongo. Kwa NIDA hakuna fomula. Tarakimu tano za mwisho hazipo popote ndani ya faili hilo. Toa jedwali upya kwenye PDF, na kama mpangilio wa mistari haujabadilika, chukua kolamu ya NIDA peke yake. Linganisha majina mstari kwa mstari kabla ya kubandika.

Mwanachama, Mombasa: Na vitambulisho vya huku Kenya? Naweza kuongeza sifuri mbele zote zifike tarakimu nane?

*Jibu:* Hapana, ndugu yangu. Simu ina urefu unaojulikana, ndiyo maana sifuri inarudishwa bila wasiwasi. Kitambulisho cha zamani chenye tarakimu saba ni halali kilivyo. Ukikiongezea sifuri unatengeneza namba ambayo haipo kwenye kadi ya mtu. Rejea kwenye PDF.

Mhasibu wa kikundi, Morogoro: Nimeweka alama za nukuu kuzunguka namba kwenye CSV, "0700123456", bado sifuri inaondoka. Kwa nini?

*Jibu:* Nukuu kwenye CSV kazi yake ni kulinda mkato ulio ndani ya maandishi. Excel huzivua, kisha inabahatisha kama kawaida. Ile alama ya ' tunayoweka mbele tunapochapa kwenye seli pia usiiandike kwenye CSV, itabaki hapo kama sehemu ya namba.

Mwanachama, Zanzibar: Kaka, NIDA zangu ni maandishi, LEN inasoma 20 zote. Lakini COUNTIF inaniambia watu wawili wana namba moja, na nikitazama namba ni tofauti mwishoni.

*Jibu:* Dada, swali lako limenipa raha, kwani hapa hata waangalifu hunaswa. COUNTIF ikikuta maandishi yanayofanana na namba, inayageuza kuwa namba wakati wa kulinganisha, na inaishia tarakimu 15. Watu wawili wanaofanana tarakimu 15 za mwanzo, kwake ni mmoja. Tumia hii, inayolinganisha maandishi kama yalivyo:

```
=SUMPRODUCT(--($C$2:$C$187=C2))
```

Ikisoma 1, mtu huyo yuko peke yake. Ikisoma 2, hapo kweli namba imeandikwa mara mbili. Na usimfute mtu kwenye orodha kwa sababu ya ile COUNTIF.

Mwanachama, Arusha: Natumia Google Sheets kwenye kompyuta. Hatua ni zilezile?

*Jibu:* Kwako ni fupi zaidi. File, Import, pakia faili, na kabla ya kubofya Import data ondoa tiki kwenye Convert text to numbers, dates, and formulas. Baadaye fanya LEN kama hatua ya 4.