Duka lako lionekane Google Maps: mambo ya pini na saa

Kufungua akaunti ya Google Business Profile, yaani wasifu wa duka lako kwenye Google, na kujaza jina na simu havitakusumbua. Jina liandike kama lilivyo kwenye kibao cha dukani. Ukiongeza “bei nafuu Tanga” unavunja masharti, na wasifu unaweza kusimamishwa. Aina ya biashara ichague kwa umakini, maana ndiyo inayoamua utafutwe kwa lipi. Duka letu la vipuri tuliliweka “Motorcycle parts store”, si duka la kawaida.

Kazi iko kwenye pini, ile alama ya duka kwenye ramani. Tuko Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, lakini mimi niliandika anwani nikaridhika, sikuikagua ramani. Pini ikakaa upande wa bandarini, zaidi ya kilomita moja kutoka mlangoni. Matokeo hupangwa kwa kufaa, umbali na umaarufu, na umbali huhesabiwa kutoka kwenye pini, si kwenye kibao chako. Dereva wa bodaboda aliyekuwa Barabara ya 14, hatua chache kutoka kwetu, akitafuta tairi alionyeshwa maduka mengine. Mteja mmoja alifuata ramani mpaka bandarini, akanipigia akiwa juani: “Kaka, hapa naona ukuta tu, duka liko wapi?”

Kwa hiyo, kabla ya kuithibitishia Google kwamba duka ni lako, washa picha ya setilaiti, kuza mpaka uone paa lako, kisha buruta pini ikae mlangoni. Ukiisogeza baadaye unaweza kutakiwa kuthibitisha upya, kama ilivyonikuta.

Uthibitisho wa video urekodi mfululizo, bila kukata, kwa sekunde 30 au zaidi. Anzia barabarani ionekane mitaa ya jirani, pita kwenye kibao, fungua kufuli mwenyewe, ingia mpaka kwenye rafu za vipuri. Yangu ya kwanza niliirekodi ndani tu, ikakataliwa, kwa sababu rafu peke yake haionyeshi duka liko wapi wala kwamba unalisimamia. Majibu huweza kuchukua hadi siku 5 za kazi.

Halafu saa. Sisi tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Kwenye fomu hiyo ni 8:00 AM hadi 6:00 PM. Ukiandika 2:00 AM, mteja wa alfajiri ataambiwa mko wazi, aje akute kufuli. Na ukikosea saa za kufunga, utaonekana umefunga wakati uko kaunta, na duka linaloonekana limefungwa huweza kushushwa kwenye orodha.

Ukimaliza, usijipime kwa kutafuta jina la duka, litatokea tu. Andika “vipuri vya pikipiki” ukiwa umesimama Ngamiani, kisha Makorora, kisha Chumbageni. Orodha itabadilika kila ukihama. Kama hata mlangoni kwako huonekani, rudia kukagua pini na aina ya biashara kwanza.