Somo: Kuhamisha sensi ya kipanya kutoka Counter-Strike 2 hadi Valorant

Nukta kwa inchi, yaani DPI, ni idadi ya hatua ambazo kipanya huipelekea kompyuta kinaposogezwa inchi moja. Sensi ya mchezo nayo huamua kila hatua ikugeuze kwa pembe kiasi gani, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu sensi ya 1 katika Counter-Strike 2 hugeuza nyuzi 0.022 kwa hatua, ilhali katika Valorant hugeuza nyuzi 0.07. Anayenakili namba ile ile hugeuka zaidi ya mara tatu ya alivyozoea. Kinachopaswa kulindwa ni umbali ambao mkono husafiri ili ugeuke mzunguko kamili.

Hatua ya 1. Katika Windows, zima "Enhance pointer precision", kwani huongeza mwendo wa kishale mkono unapokwenda kasi, na baadhi ya michezo huufuata.

Hatua ya 2. Tafuta umbali wako.

```
sentimita = 914.4 / (DPI * sensi * nyuzi)
```

Kwa DPI 800 na sensi 1 katika Counter-Strike 2, jibu ni takriban sentimita 52.

Hatua ya 3. Bila kugusa DPI, zidisha sensi yako kwa 0.022, kisha gawanya kwa 0.07. Hapa tunapata 0.314, na hiyo ndiyo utakayoandika katika Valorant.

Hatua ya 4. Hakikisha kwa rula. Mimi siamini hesabu ambayo haijapimwa. Lenga kona ya ukuta, kisha sogeza kipanya sentimita 26, ambazo zinapaswa kukugeuzia kisogo kamili. Ukigeuka mzunguko mzima kwa umbali huo, huenda kitufe kilicho nyuma ya gurudumu kimebonyezwa na DPI imekuwa 1600. Mwisho, sogeza kulia kwa kasi, kisha rudi polepole hadi mahali pale pale mezani: shabaha isiporudi kwenye kona, kuna kitu bado kinaongeza mwendo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikipandisha DPI hadi 1600, nifanye nini?*

Punguza sensi kwa nusu, yaani 0.157 katika Valorant. Umbali wa mkono utabaki ule ule, ila kishale cha Windows kitakwenda kasi maradufu nje ya mchezo.

*Nimefuata yote, kaka, lakini nikitumia darubini ya bunduki bado naona tofauti. Kwa nini?*

Kwa sababu darubini hupunguza upana wa unachokiona, na kila mchezo hurekebisha sensi yake kivyake wakati huo. Hesabu ya mzunguko inahusu kulenga bila darubini tu. Rekebisha "Scoped Sensitivity Multiplier" katika Valorant peke yake, kidogo kidogo, bila kuigusa ile 0.314.