Wateja walikuwa wanaishia duka la dawa: kumweka fundi cherehani kwenye Google Maps

Fundi cherehani mmoja wa Mwananyamala, Dar es Salaam, aliniita kwa sababu wateja wake wa mtandaoni walikuwa wanaishia kwenye duka la dawa mtaa wa pili. Alijisajili mwenyewe, akaandika "Mwananyamala" kwenye anwani, na Google ikachomeka pini ilipoweza. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule.

1. Pini kabla ya kitu kingine

Kwanza tafuta jina la biashara yako kwenye ramani. Huenda mteja alishaiweka siku nyingi; ukiikuta, omba kuimiliki badala ya kufungua nyingine, la sivyo maoni yatagawanyika sehemu mbili. Tumia Gmail yako mwenyewe, si ya kijana aliyekusaidia kujisajili. Akihama mji, anahama na duka lako.

Kisha ingia kwenye kuhariri mahali, washa picha ya satelaiti na ukuze mpaka uone mabati. Uswahilini paa zote zinafanana, kwa hiyo tulitafuta mwembe ulio mbele ya kibanda chake, tukaburuta pini hadi paa la pembeni yake. Kupima ni rahisi: mtumie linki ya ramani bodaboda asiyekufahamu, na akikupigia simu kuuliza njia, usimwelekeze. Wetu mara ya kwanza alitokea uchochoro wa nyuma, ikabidi tusogeze pini upande wa mlango.

Kama huna duka na unawafuata wateja nyumbani, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia.

2. Jina na kategoria

Andika jina lililo kwenye kibao chako, basi. Yeye alikuwa ameongezea "fundi bora wa gauni za harusi Dar". Maneno ya namna hiyo yanakiuka masharti ya Google na yanaweza kusababisha biashara isimamishwe. Kazi ya kueleza unachofanya ni ya kategoria. Kuu tuliweka `Tailor`, ya ziada `Clothing alteration service`, kwa kuwa nusu ya kazi zake ni kupunguza na kupanua nguo. Gauni za harusi, vitenge na sare za shule vikaenda kwenye huduma na kwenye maelezo ya biashara, ambayo nafasi yake ni herufi 750.

3. Video ya uthibitisho

Siku hizi Google mara nyingi hudai video. Irekodi kwa mkupuo mmoja, bila kukata: anza barabarani paonekane majirani, njoo kwenye kibao, fungua kufuli kwa mkono wako, onyesha cherehani na nguo zinazosubiri. Kile kitendo cha kufungua mlango ndicho kinachoonyesha kwamba wewe ndiye mwenyewe. Ukibadilisha jina au anwani baadaye unaweza kutakiwa kuthibitisha upya, ndiyo maana tulianza na pini.

4. Maoni

Kwenye wasifu wa biashara kuna sehemu ya kuomba maoni. Inakupa linki na msimbo wa QR. Tulijaribu kubandika QR ukutani, watu wakaipita tu. Kilichofanya kazi ni ujumbe wa WhatsApp jioni ya siku mteja anapochukua nguo:

"Dada, asante kwa kuja. Ukipata dakika mbili, naomba uandike hapa ulishona nini na ilikukaaje. Kama kuna kasoro, iseme pia."

Ombi hilo halitaji nyota tano wala halitoi punguzo. Kumlipa mtu, au kumpa zawadi ili aandike, ni marufuku, na ni marufuku pia kuwachagua walioridhika ukawaacha wengine. Mtumie kila mteja. Ndugu na wasaidizi wako wasiandike kabisa. Na usikusanye maoni ishirini kwa siku moja. Wimbi la ghafla kama hilo linaweza kuonekana la kupangwa, maoni yakaondolewa, hata yale ya kweli.

Ukisema "ulishona nini", mtu anaandika "gauni la kitenge la kitchen party". Sentensi hiyo inamsaidia mgeni kuliko "huduma nzuri".

Mwezi wa pili ilikuja nyota mbili: gauni lilichelewa siku mbili. Fundi alitaka niifute. Haifutiki, unaweza kuripoti matusi au uongo wa mtu asiye mteja, lakini huyu alisema kweli. Tukajibu hivi: "Ni kweli dada, tulichelewa, umeme ulikatika na sikukutaarifu. Pole sana. Sasa nawapigia wateja siku moja kabla." Maneno hayo hayasomwi na yeye peke yake, wanayasoma wanaotafuta fundi.

5. Kuangalia kama unaonekana

Usijitafute ukiwa dukani. Umbali wa anayetafuta una uzito mkubwa, kwa hiyo hapo karibu kila mtu anajiona wa kwanza. Sisi tulitafuta "fundi cherehani" na "tailor" tukiwa dukani, kisha Morocco ya hapahapa Dar, kisha Sinza. Sinza hakuonekana kabisa, na sikumwahidi kwamba ataonekana: kule kuna mafundi walio karibu zaidi na mtafutaji.